Kitanzi, duara na upinde: vidole kumi vinasema nini?

Tangu uandikishaji wa wapiga kura wa mwaka 2005, Wakongomani wengi wamezoea kuweka vidole kwenye mashine ili wapate kadi. Mashine hiyo inasoma mistari midogo iliyo kwenye ncha za vidole. Lakini zamani, kabla ya kuwepo mashine, mistari hiyohiyo ilisomwa na wazee, akina mama na wapiga ramli wa nchi za Asia. Wao walitafuta habari nyingine: huyu atakuwa tajiri au maskini?

Michoro ya vidole iko ya aina tatu. Katika kitanzi, mistari inaingia upande mmoja, inapinda, halafu inarudi kutokea upande uleule. Katika duara, mistari inazunguka na kujifunga, kama maji yaliyotupiwa jiwe. Katika upinde, mistari inaingia upande mmoja, inapanda kidogo katikati kama kilima, kisha inatokea upande wa pili. Ukihesabu vidole vya watu wengi, vitanzi vinazidi nusu, maduara yanafuata, na pinde ni chache sana.

Huko China, duara liliitwa kwa jina la chombo cha kupimia nafaka, na kitanzi kwa jina la ungo. Maana yake ilitokana na vyombo hivyo. Chombo cha kupimia kimefungwa pande zote, kwa hiyo nafaka inabaki ndani: mwenye maduara atatunza mali. Ungo uko wazi upande mmoja, kwa hiyo kinachoingia kinaweza kumwagika: mwenye vitanzi pesa hazitakaa mkononi. Upinde mara nyingi haukuwa na hesabu yake. Kidole kisichokuwa na duara kiliwekwa upande wa ungo. India nako wasoma viganja waliliita duara gurudumu, na walilihesabu kuwa alama ya heshima.

Kusoma kwenyewe kulikuwa kuhesabu tu. Mtoto alishikwa mikono, vidole kumi vikatazamwa kimoja kimoja, na idadi ya maduara ikalinganishwa na wimbo ambao kila mtu aliujua. Tuseme mtoto ana maduara matatu. Katika kijiji kimoja wimbo unasema ataishi kwa kuuza jibini ya soya, kazi ya mtu wa hali ya chini. Katika kijiji kingine wimbo unasema atafungua duka la kukopesha pesa kwa rehani, yaani atakuwa tajiri. Vidole ni vilevile, mtoto ni yuleyule. Kilichobadilika ni wimbo.

Huko Ulaya, wasoma viganja wa karne ya 20 walitafuta tabia kuliko mali. Walisema mwenye vitanzi anapatana na watu upesi, mwenye maduara anapenda kufuata njia yake mwenyewe, na mwenye pinde ni mchapakazi anayeficha ya moyoni.

Mwingereza Francis Galton alitaka kujua kama kuna ukweli ndani yake. Alikusanya alama za wasomi, za vibarua, za watu wenye ulemavu wa akili na za watu wa mataifa mbalimbali, akitumaini kila kundi litakuwa na mchoro wake. Katika kitabu alichotoa mwaka 1892 alikiri kwamba hakuona mchoro wowote unaoonyesha akili, tabia au cheo.

Sababu iko tumboni mwa mama. Mistari inaanza kujichora karibu na mwezi wa tatu wa mimba, wakati ncha za vidole vya mtoto zimevimba. Uvimbe ukiwa mkubwa, mistari huelekea kuzunguka na kuwa duara. Ukiwa mdogo, hutokea upinde. Wa kati huleta kitanzi. Ndiyo maana watu wa ukoo mmoja wanaweza kufanana michoro. Lakini vituo vidogo ambapo mstari unakatika au kugawanyika havifanani kamwe, hata kwa mapacha. Mashine inasoma vituo hivyo. Yenyewe haijui kama mtu ni tajiri; inajua tu kwamba ni yeye.

Kwa familia iliyokimbia vita bila karatasi, hilo ndilo la maana. Mkulima, mfinyanzi au mchimbaji anaweza kuona mashine inakataa vidole vyake, kwa sababu kazi imelainisha mistari. Mchoro wenyewe haujapotea, maana umejengwa ndani zaidi ya ngozi ya juu. Mikono ikipumzika wiki chache, mistari inarudi ileile. Kinachoubadilisha ni kidonda kilichoingia ndani na kuacha kovu, na hapo inafaa kumwomba mwandikishaji ajaribu kidole kingine.