Mpangilio wa Ngazi: Vyeo Vingi kwa Mwajiri Mmoja

Mtu aliyekaa kwa mwajiri mmoja miaka minane na kupanda kutoka cheo hadi cheo ana jambo zuri la kuonyesha katika wasifukazi wake, lakini mara nyingi uandishi wenyewe humwangusha. Kila cheo hukiandika peke yake, na kila mara hurudia jina la kampuni na mji. Ofisa ajira anayepitia wasifu mwingi kwa haraka haoni kupanda. Anaona kazi nne za muda mfupi, na anaanza kujiuliza kwa nini mwombaji huyu hatulii mahali.

Dawa yake ni kuliandika jina la mwajiri mara moja tu, kisha kuvipanga vyeo vyote chini yake. Kwa Kiingereza mtindo huu umepewa jina linalotokana na kupanga vitu kimoja juu ya kingine. Ukilitafsiri moja kwa moja utapata “kurundika vyeo”, na hapo maana inapotea, kwa sababu rundo halina utaratibu. Napendekeza tuuite mpangilio wa ngazi. Maofisini neno ngazi tayari linatumika kwa vyeo na mishahara, na ngazi yenyewe ina vidato vingi vinavyoshikwa na miti ileile. Kinyume chake, yaani kila cheo kusimama kivyake, tukiite mpangilio wa mtengano.

Tuchukue mfano wa mwanamke aliyeanza dirishani katika benki moja ya Mwanza. Sehemu yake ingesomeka hivi:

Benki (jina lake), Mwanza, 2016–2024
Msimamizi wa Mikopo, 2022–2024
Kaimu Msimamizi wa Mikopo, 2021–2022
Afisa Mikopo, 2018–2021
Tela, 2016–2018

Mstari wa juu unabeba muda wote aliokaa, na kila cheo kinabeba miaka yake. Kidato cha juu kabisa ndicho cheo cha mwisho. Miaka ikikosekana kwenye vyeo, msomaji atadhani alikuwa msimamizi tangu 2016, na siku ya usaili jambo hilo litaonekana kama udanganyifu.

Kukaimu kunahitaji uangalifu wa pekee. Anayekaimu anafanya kazi ya cheo ambacho bado hajathibitishwa, kwa hiyo si haki kuuchanganya muda huo na ule wa baada ya kuthibitishwa, na si busara kuufuta. Ukiwa na mstari wake, unaeleza wenyewe kwamba alijaribiwa kwanza, kisha akaaminiwa.

Chini ya kila cheo yaandikwe yale tu yaliyoongezeka. Kama afisa mikopo alikagua maombi ya wakopaji, hakuna haja ya kurudia hilo alipokuwa msimamizi. Hapo aandike kwamba alisimamia maafisa wenzake na kuidhinisha mikopo. Majukumu yaleyale yakirudiwa chini ya vyeo vitatu, kupanda kwake kutaonekana kuwa kwa jina tu.

Katika utumishi wa umma Tanzania kuna tofauti ya kuzingatia. Mhasibu Daraja la II anapopandishwa kuwa Daraja la I, huenda kazi yake ya kila siku isibadilike sana. Madaraja hayo mawili yanatosha kuandikwa katika mstari mmoja wenye miaka ya kila daraja. Akifika kuwa Mhasibu Mwandamizi na kuanza kusimamia wengine, hapo kidato kipya kinastahili.

Kampuni nayo inaweza kubadilisha jina mfanyakazi akiwa kwenye kiti kilekile. Celtel iligeuka kuwa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Aliyefanya kazi humo kuanzia 2007 hadi 2012 asiandike waajiri watatu. Aandike “Airtel, zamani Zain, awali Celtel”, kisha vyeo vyake vifuate.

Mtengano una mahali pake. Tela aliyehamia kitengo cha kompyuta cha benki ileile, na sasa anaomba kazi ya kompyuta, anahitaji nafasi kubwa kwa kazi ile ya pili. Amtaje mwajiri mara mbili, ila kwenye kazi ya pili aongeze maneno “uhamisho wa ndani”.

Vilevile, fomu za maombi za mtandaoni mara nyingi huwa na kisanduku kimoja cha mwajiri na kimoja cha cheo. Humo kila cheo kijazwe kivyake, jina la mwajiri likirudiwa kwa tahajia ileile na miaka ya cheo hicho pekee. Ukijaza 2016–2024 kwa kila cheo, vyeo vinne vitaonekana kushikwa kwa wakati mmoja.

Kabla ya kuutuma wasifu wako, mpe mtu asiyekijua kituo chako cha kazi autazame kidogo, kisha auweke chini. Muulize umefanya kazi kwa waajiri wangapi. Akitaja idadi ya vyeo vyako, rudi kwenye mstari wa mwajiri: huenda jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko vyeo, au limejificha mwishoni mwa mstari.