Landilodi Anataka Kukagua Keja Yako? Hii Ndiyo Notisi Unafaa Kupata Kwanza

Uko job, simu inalia. Ni meseji ya keateka kwa grupu ya ploti: "Wapangaji wote, kutakuwa na ukaguzi wiki hii. Muwe tayari." Basi. Hakuna siku, hakuna saa, na hakuna mtu ameambiwa kinachokaguliwa ni nini. Wengi huguna, wanaweka emoji ya kidole na kuendelea na maisha. Halafu Alhamisi unarudi jioni unapata kiti kimesongeshwa na alama za viatu kwa kapeti.

Wacha tuelewane kwanza: landilodi ana haki ya kukagua nyumba yake. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inamruhusu aingie mwenyewe ama atume ejenti, kuangalia hali ya nyumba ama kufanya marekebisho ambayo ni jukumu lake. Lakini kifungu hicho hicho kinasema aje wakati unaofaa, na asikusumbue bila sababu ukitumia nyumba. Pia kinakupa haki ya kukaa kwa amani bora unalipa rent na kufuata masharti. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 31, inalinda faragha yako, na nyumba yako imetajwa humo.

Kitu wasee wengi hawajui ni kwamba kifungu hicho cha 65 hakitaji masaa. Hakisemi 24 wala 48. Hizo namba mara nyingi hutoka kwa agrimenti ulisaini siku ya kulipa dipoziti. Kwa hivyo kabla uanze kubishana na keateka, toa ile karatasi utafute sehemu inaongea kuhusu landilodi kuingia. Kama imeandika masaa 48, hiyo ndiyo inawafunga nyote wawili. Kama haisemi kitu, mnabaki na "wakati unaofaa", na hapo ndipo notisi iliyoandikwa vizuri inaokoa kila mtu.

Notisi fiti inakaa hivi

Chukulia unaishi wanbedrum orofa ya tatu huko Kasarani. Jirani wa orofa ya pili amelalamika kwamba silingi ya bafu yake inadondosha maji. Ejenti anashuku paipu ya bafu yako. Notisi ya maana ingekuwa hivi:

"Jumatano, 11 Juni 2025. Kwa mpangaji wa nyumba C7. Tutakagua bafu na jikoni Jumamosi, 14 Juni 2025, kati ya saa 4 na saa 6 asubuhi. Sababu: maji yanavuja kwa silingi ya nyumba B7. Watakaokuja ni ejenti na fundi mmoja wa maji. Kama saa hizo hazikufai, jibu kabla ya Ijumaa saa 12 jioni tupange saa nyingine."

Cheki vile kila kitu kina kazi. Tarehe inakupa siku tatu za kujipanga. Saa ni mbili tu, kwa hivyo hautakaa ndani siku mzima ukingoja mtu. Sababu nayo inaweka mipaka: wamekuja kuangalia maji, so wana biashara kwa bafu na jikoni. Hawana haja ya kufungua kabati la nguo wala kuchungulia chini ya kitanda.

Kuwa makini na saa. "Saa 10" imeleta ngori kwa ploti nyingi. Ejenti anamaanisha saa kumi ya kizungu, yaani saa nne asubuhi, wewe unaelewa saa kumi jioni. Unatoka kwenda soko, wao wanabisha, na mwishowe unaitwa mpangaji msumbufu. Ukiona saa bila "asubuhi" ama "jioni", uliza hapo hapo.

Notisi ya kutilia shaka

Ya kwanza ni ile ya "wakati wowote wiki hii". Hiyo ni sawa na kukuambia uache mlango wazi siku saba. Ya pili ni ile imeandikwa "ukaguzi wa kawaida" na haijasema ni wa nini. Inaweza kuwa ya kweli, kwa sababu kuna majengo hukaguliwa kila baada ya miezi kadhaa. Inaweza pia kuwa njia ya kuonyesha keja yako kwa mpangaji mpya, ama kuhesabu watu mnaolala humo. Uliza sababu kamili, kwa maandishi.

Ya tatu ndiyo hatari zaidi: meseji kutoka kwa namba haujui, inasema mtu wa stima ama wa maji anakuja kwa niaba ya landilodi. Usiijibu. Pigia ejenti kwa ile namba hulipia rent ama iliyo kwa agrimenti, umuulize kama anajua. Mwizi anaweza kuandika notisi safi kuliko ejenti.

Kama siku haikufai

Usinyamaze. Ukinyamaza, ejenti atasema alikupa notisi na haukupinga. Tuma jibu fupi: "Nimepata notisi ya 14 Juni. Saa 4 nitakuwa job. Naweza kuwa nyumbani saa 8 hadi saa 10 jioni siku hiyo, ama Jumapili asubuhi. Tafadhali msiingie nikiwa sipo." Weka skrinshoti. Umekubali ukaguzi, umekataa tu saa, na hiyo ni tofauti kubwa. Kukataa kabisa kila mara kunaweza kukugeuka, kwa sababu haki ya kukagua iko kwa sheria.

Kitu kimoja hakingoji notisi: dharura. Paipu ikipasuka na maji yajaze korido, ama harufu ya gesi itoke kwa mlango wako, hakuna mtu atangoje Jumamosi. Lakini baada ya hapo uliza nani aliingia, saa ngapi, na alifanya nini.

Siku yenyewe

Watu wakifika, linganisha na notisi. Iliandikwa ejenti na fundi mmoja. Wakija watano, uliza wale watatu ni kina nani. Tembea nao. Wakitaka kupiga picha, waambie wapige paipu na ukuta wenye unyevu, si meza yako yenye laptopu na barua za benki. Wewe pia piga picha za sehemu hizo hizo. Fundi akisema paipu ni mbovu, muulize ejenti aandike siku hiyo hiyo kwamba paipu ilioza ndani ya ukuta. Hiyo meseji itakusaidia siku ya kutoka, mtu akitaka kukata dipoziti yako kwa ajili ya silingi ya jirani.

Na kama uko na deni la rent, jua hili: ukaguzi haumpi mtu ruhusa ya kubeba tivii. Kuchukua mali ya mpangaji kwa sababu ya rent kuna sheria yake na hufanywa kupitia dalali mwenye leseni, si keateka na kifunguo cha akiba. Wakianza kubeba vitu siku ya ukaguzi, chukua video, ita majirani, kisha uende kituo cha polisi na ile notisi mkononi. Iliandikwa maji, na tivii haivuji.