Sufu ya Kondoo Hukatwa Ikiwa Kavu

Wafugaji wa kondoo wa sufu katika nyanda za juu za Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, wanashauriwa kukata sufu mara moja kwa mwaka, katika kiangazi cha Januari na Februari. Kondoo aliyenyolewa karibu na baridi ya Julai huweza kufa kwa kukosa joto.

Usiku wa kuamkia siku ya kazi, kondoo hulazwa chini ya paa bila malisho, ili sufu isilowe umande na tumbo liwe jepesi. Mkataji humkalisha kitako, mgongo wa mnyama ukiegemea miguu yake. Akikosa pa kukanyagia, kondoo hutulia. Ngozi huvutwa ikanyooka, kwani penye mkunjo ndipo makasi hujeruhi.

Sufu ya tumbo na ile yenye kinyesi hutengwa. Iliyobaki hukunjwa, upande uliokatwa ukiwa nje, na kuwekwa juu ya mbao, mbali na sakafu. Kabla ya kuifunga, mfugaji atumbukize mkono katikati ya rundo: akihisi unyevu au joto, aitandaze kivulini ikauke, kwani sufu iliyofungwa na unyevu huota ukungu na kugeuka rangi ya manjano.