Hatua tisa za somo moja: kutoka bunduki za ndege za vita hadi darasa la Mbagala

Mwalimu yeyote wa Tanzania anaifahamu fomu ya andalio la somo: jedwali lenye safu za hatua, muda, vitendo vya ufundishaji, vitendo vya ujifunzaji na upimaji. Kwa miaka mingi baada ya mtaala wa 2005, hatua zake zilikuwa utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho. Sehemu kubwa ya historia ya fomu hii imepita katika vitongoji viwili vya Dar es Salaam. Mikocheni, wilayani Kinondoni, ndiko iliko Taasisi ya Elimu Tanzania inayoandaa mitaala. Chang'ombe, wilayani Temeke, ndiko kilikoanzishwa mwaka 1965 chuo cha ualimu ambacho tangu 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam. Mwaka huohuo wa 1965, mwanasaikolojia wa Marekani Robert Gagné alichapisha kitabu kuhusu masharti ya kujifunza, ambacho mawazo yake ndiyo yaliyozaa orodha ya hatua tisa za somo. Sidai kwamba kitabu kile kilisafiri moja kwa moja hadi Chang'ombe. Ninachodai ni kwamba ukiiweka fomu yetu kando ya hatua tisa za Gagné, unaona mahali hasa somo linapovunjika katika madarasa ya Mbagala, Tandika na Tandale, na mahali hapo si pale panapotajwa sana katika semina za walimu.

Kwanza tujue hatua hizi zilitoka wapi, maana hazikutoka shuleni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Gagné alikuwa miongoni mwa wanasaikolojia waliofanya kazi na jeshi la anga la nchi yake, na baada ya vita aliendelea kwa miaka kadhaa na utafiti wa mafunzo ya kijeshi. Mwaka 1962 aliandika makala yenye hitimisho la kushangaza kwa wakati wake. Kanuni zilizokuwa zikisifiwa katika maabara za saikolojia, hasa kurudia zoezi tena na tena na kutuza jibu sahihi, zilikuwa zimesaidia kidogo mno kuwafundisha askari kazi halisi. Alitaja kazi tatu: kulenga shabaha kwa bunduki ya ndege, kuwasha mtambo wa rada kwa kufuata mfululizo wa swichi, na kutafuta hitilafu katika mitambo ya kielektroniki. Mlenga shabaha hakuinuliwa na wingi wa risasi alizofyatua kama alivyoinuliwa na kuonyeshwa shabaha inavyopaswa kuonekana ndani ya kifaa cha kulengea. Fundi wa mitambo naye alihitaji kwanza kanuni za namna umeme unavyopita kutoka kifaa hadi kifaa. Asiyezijua kanuni hizo angeweza kurudia zoezi hadi jioni bila kufika popote.

Mwaka huohuo Gagné alieleza jaribio dogo la hisabati alilolifanya kwa wavulana saba wa sekondari. Aliigawa kazi ya kutafuta kanuni ya jumla ya mfuatano wa namba katika stadi ndogondogo zilizopangwa kama ngazi, kisha akampima kila mmoja kuona amekwama kwenye kidato kipi. Aliyekosa stadi ya chini karibu daima alikosa na ile ya juu yake. Kwa vijana saba mtu anaweza kunung'unika, na ana haki. Lakini wazo lililotoka hapo lina uzito: somo halianzi pale mwalimu anapofungua kitabu, bali pale mwanafunzi alipoishia.

Katika miaka ya 1970, akiandika pamoja na Leslie Briggs, Gagné aliyapanga mawazo haya kuwa matukio tisa ya somo moja. Mwalimu huvuta usikivu, hutaja lengo, huamsha yaliyokwisha kujifunzwa, huwasilisha jambo jipya, kisha humwongoza mwanafunzi namna ya kulishika. Baadaye mwanafunzi hutenda, huelezwa papo hapo alipopatia na alipokosea, hupimwa bila msaada, na mwisho husaidiwa kulikumbuka jambo hilo na kulitumia mahali pengine. Kila tukio la nje limewekwa kwa ajili ya kitu kinachotakiwa kutokea ndani ya kichwa cha anayejifunza.

Fomu yetu ina ukoo mwingine, wa zamani zaidi. Wafuasi wa mwanafalsafa Mjerumani Johann Friedrich Herbart, hasa Tuiskon Ziller na Wilhelm Rein, walieneza katika karne ya 19 somo la hatua tano: maandalizi, uwasilishaji, ulinganishaji, ujumlishaji na utumizi. Desturi hiyo ilienea sana katika vyuo vya ualimu vya Ulaya, na mtu akiitazama fomu ya Tanzania hakosi kuona sura ya familia. Mhimili wa mpango wa Herbart ni mwalimu anayewasilisha. Mpango wa Gagné unafanana nao mpaka katikati, kisha unaachana nao kwa jambo moja kubwa: unatenganisha kutenda, kurekebishwa na kupimwa. Fomu yetu huyabana matatu haya katika mstari wa kuimarisha na safu ya upimaji. Matokeo yake, zoezi la kwanza analolifanya mwanafunzi ndilo hilohilo linalosahihishwa kwa alama.

Tuchukue somo la Darasa la Tano, dakika 40, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mwalimu anaanza na swali: mtoto mmoja amekula nusu ya mkate, mwenzake theluthi, je, mkate umekwisha? Hapo usikivu umepatikana na lengo limekaribia kujitaja lenyewe, dakika tatu zinatosha. Tukio la tatu ndilo linalorukwa mara nyingi. Kabla ya kujumlisha 1/2 na 1/3, mwanafunzi lazima akumbuke kwamba 1/2 ni sawa na 3/6, na kwamba kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3 ni 6. Asipokumbuka, yote yanayofuata ni maandishi ya ubaoni tu. Maswali matatu ya haraka hapa humwonyesha mwalimu kama aendelee au arudi nyuma. Kisha anawasilisha kwa vipande viwili vya karatasi vilivyokunjwa, kimoja katika sehemu mbili sawa na kingine katika sehemu tatu sawa, halafu vyote vikagawanywa katika sita: 3/6 na 2/6 ni 5/6. Mwongozo ni swali moja analoliacha ubaoni: vipande vyetu vina ukubwa sawa?

Sasa kila mwanafunzi, si yule wa dawati la mbele peke yake, anajumlisha 1/4 na 1/3. Jibu ni 7/12. Wapo watakaoandika 2/7, kwa kujumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Wapo watakaoandika 2/12, ambao wamepata kigawe cha shirika lakini hawakubadili viasi. Makosa haya mawili yana dawa mbili tofauti. Wa kwanza aulizwe: 2/7 ni kubwa au ndogo kuliko 1/3? Ni ndogo, inawezekanaje uongeze kitu kwenye theluthi kisha upate pungufu ya theluthi? Wa pili arudishwe kwenye karatasi, ahesabu robo moja ina vipande vingapi vya kumi na mbili. Baada ya hapo tu ndipo 2/5 + 1/4 iandikwe kwa ajili ya kupimwa, bila kumnong'oneza mtu. Siku chache baadaye, tukio la tisa: nusu kilo ya unga na robo tatu kilo ni jumla gani?

Pingamizi la kwanza linajulikana: darasa lenye watoto zaidi ya mia moja, na shule inayoingia kwa zamu ya asubuhi na ya mchana, haliwezi kumrekebisha kila mmoja. Tangu elimumsingi bila malipo ilipoanza mwaka 2016 idadi imepanda, na Mbagala ni mfano unaotajwa kila mara. Lakini tukio la saba halidai daftari lisahihishwe. Linadai mwalimu ajue kosa kabla kengele haijalia. Aandike ubaoni 2/7, 7/12 na 2/12, awaagize wanafunzi wafumbe macho na kuonyesha kifuani kidole kimoja, viwili au vitatu. Kwa mtazamo mmoja ameona darasa zima limesimama wapi, na anarekebisha makundi mawili badala ya watoto mia. Jibu la kuitikia kwa pamoja, tulilolizoea mno, haliwezi kazi hii, kwa sababu sauti za wanaojua huwafunika wasiojua.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu zaidi: hatua tisa ni za zama za kumfinyanga mwanafunzi, na mtaala wa 2005 ulikwisha kuhamia kwenye ujenzi wa umahiri na ushirikishwaji. Hili naliona kuwa haki nusu. Gagné mwenyewe hakudai kwamba kila tukio lazima litoke kwa mwalimu. Mwanafunzi mzoefu hujiamshia mwenyewe ya nyuma na kujirekebisha. Kazi ya makundi inaweza kubeba tukio la tano na la sita vizuri sana. Isichoweza kubeba yenyewe ni la saba: watoto wanne wakikubaliana kuwa jibu ni 2/7, makubaliano hayo yanalikomaza kosa.

Pingamizi la tatu nalikubali zaidi. Mfululizo mzima, kama kifurushi kimoja, haujathibitishwa kwa uzito ule wa baadhi ya viungo vyake, na kutaja lengo mwanzoni kuna faida ndogo kuliko tunavyoaminishwa. Hata marekebisho si dawa ya uhakika. Uchambuzi mkubwa wa Avraham Kluger na Angelo DeNisi wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya marekebisho yaliyochunguzwa yalishusha utendaji, hasa yalipomgusa mtu mwenyewe badala ya kazi yake. Kumwambia mtoto mbele ya wenzake kwamba ni mzembe hakumo katika tukio la saba.

Kuhusu tukio la tisa, Tanzania ilikuwa na la kuwaonyesha wengine. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, karibu watu milioni mbili walikutana katika vikundi kwa wiki 12. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadili, wakaamua la kufanya, kisha wakaenda kulifanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Kipimo cha somo kilikuwa choo. Mpangilio ule ulimalizikia nje ya kikundi, kwenye uwanja wa nyumba, mahali ambapo fomu ya dakika 40 haijawahi kuwa na mstari wa kupaandikia.

Mthibiti ubora wa shule anayetaka kujua kama tukio la saba lilitokea hana haja ya kuisoma fomu, kwa kuwa fomu huandikwa kabla ya somo. Afungue daftari la mwanafunzi wa katikati. Akikuta maswali kumi yaliyokosewa kwa kosa lilelile, 2/7, 2/9, 2/8, na chini yake alama nyekundu ya siku tatu baadaye, mtoto huyo alifanya mazoezi kumi ya kukosea bila mtu kumgutusha. Akikuta mawili yamekosewa, la tatu limefutwa na kuandikwa upya, na saba yako sawa, hapo kuna mwalimu aliyepita kati ya madawati.