Maneno ya Barua Moja

Kijana mmoja wa Talatala, Kyela, aliniletea rasimu ya barua anayotaka kuipeleka kwa Baraza la Wazee wa ushirika wake wa Kimoraviani. Chini ya salamu ameandika kwa herufi kubwa: YAH: OMBI LA KUANZISHA MIDIA MINISTRI. Sikuvuka mstari huo kwa muda mrefu. Nilijua wazee wangeusoma, kisha wangemtazama kijana, kisha wangeulizana anataka nini hasa.

Nilipomuuliza kwa nini hakuandika “huduma”, alisema neno hilo limechakaa, maana hata dukani kuna huduma kwa wateja. Ni kweli limesafiri sana tangu lilipotoka kwenye “khidma” ya Kiarabu. Lakini kanisani halijachakaa. Mama anayekwenda wodini kuwaombea wagonjwa yumo katika huduma, na wazee wanajua huduma ina msimamizi, ina siku zake na hutolewa taarifa. Neno hilo moja linajibu maswali matatu kabla hayajaulizwa. “Ministri” haijibu hata moja.

“Video” niliiacha ilivyo. Wengine wangeifukuza kwa kuwa imeletwa na Waingereza, kumbe wao wenyewe waliitwaa kwa Kilatini, ambako maana yake ni “naona”. Kichwa cha barua kikawa: Ombi la Kuanzisha Huduma ya Neno kwa Video.

Angalia pia barua inakwenda kwa nani. Wamoraviani husema ushirika, Walutheri wa KKKT husema usharika, na Wakatoliki wana parokia na vigango vyake. Msikitini barua ingekwenda kwa kamati ya msikiti. Kyela neno “ushirika” lina mwangwi wa pili, kwa sababu mkulima wa kakao naye ana chama chake cha ushirika. Shina lake la Kiarabu ni la kushirikiana, na ndilo lililozaa “shirki”, dhambi ya kumfanyia Mungu mshirika. Ndiyo maana kijana mwenzake Mwislamu hawezi kuinakili barua hii kwa kubadilisha jina la kanisa tu.

Neno lililonitia hofu zaidi ni “matangazo”. Rasimu ilisema: “Tutarusha matangazo kila Jumapili.” Mzee wa kanisa akisikia matangazo anamwona katibu amesimama na karatasi, anasoma ndoa zilizotangazwa mara ya pili na michango ya ujenzi. Atashangaa ni nani nje ya ushirika anayetaka kuyasikia hayo. Na “kurusha” kuna udhaifu wake: jiwe hurushwa, na aliyelirusha hajali sana litaangukia wapi. Nikapendekeza vitenzi viwili. Ibada ikionekana kwa watu papo hapo, tunaionyesha mubashara. Kipande kilichorekodiwa, tunakiweka mtandaoni. (Ipo pia “kupakia”, lakini kwangu bado inanuka magunia ya mpunga juu ya lori. “Kupakua” ndiyo tamu: ni ile ile ya mama anayepakua wali.)

“Mubashara” wengi huiona ngeni, hata wale wasemao “laivu” bila kusita. Katika Kiarabu shina lake linagusa ngozi: jambo la mubashara ni lile linalofanywa bila kizuizi kati, kama ngozi juu ya ngozi. Shina hilohilo ndilo la kubashiri na la habari njema. Kanisa litapata wapi neno linalolifaa zaidi?

Neno likifaa, bado shughuli yake yaweza isifae. Hapa kuna maneno mawili yanayofanana mno: megabiti na megabaiti. Kasi hupimwa kwa megabiti, bando huuzwa kwa megabaiti, na baiti moja ina biti nane. Ibada ya muda wa saa mbili ikionyeshwa kwa megabiti moja na nusu kwa sekunde, hutumia kama megabaiti 1,350. Jumapili nne ni zaidi ya gigabaiti 5, kwa anayeionyesha peke yake. Kipande cha dakika tatu cha megabiti tano kwa sekunde hakifiki megabaiti 115. Kijana alikuwa amechanganya biti na baiti, na hesabu yake ilikuwa mara nane ya gharama halisi. Tulipoisahihisha, bado vipande ndivyo vilivyoonekana kuwa nafuu, kwa ushirika na kwa bibi anayetazama kwa bando la mjukuu. Mubashara tukaiacha kwa Pasaka na Krismasi.

Halafu “kipaza sauti”. Rasimu iliomba kimoja, na mhazini angeuliza vile vilivyopo vimekufa lini. Kupaza ni kupandisha sauti iwafikie walioketi nyuma. Kinachohitajika ni kinasa sauti cha kifuani, kinachoinasa sauti ya mhubiri kama mtego unavyonasa, na kuipeleka kwenye simu. Kyela neno hili si la anasa. Mvua ikiyapiga mabati, simu iliyoko nyuma ya kanisa inanasa mvua. Utajua kwa kurekodi dakika moja kabla ya ibada na kuisikiliza kwa spika za masikioni. Ukingoja hadi Jumatatu, mahubiri yamekwenda.

“Bajeti” asili yake ni kimfuko cha ngozi cha Kifaransa. “Makisio” yananifanya nihisi mtu anabahatisha. Mimi nachagua “makadirio”, kwa kuwa ndani yake mna kadiri, yaani kipimo. Baada ya kusahihisha hesabu ya bando, rasimu ilitaja shilingi 280,000 kwa mkupuo mmoja. Tukaipasua: manunuzi ya mara moja ni kinasa sauti 60,000 na stendi ya simu 40,000; matumizi ya kila mwezi ni bando 15,000, ambalo kwa mwaka ni 180,000. Jumla haikubadilika, ila sasa mzee anaona kipi kitarudi mwakani na kipi hakitarudi.

Kwenye “ratiba” niliongeza “zamu”. Ratiba husema lini, zamu husema nani. Jumapili kunasa mahubiri, Jumatatu kukata kipande, Jumanne mzee wa zamu kukipitia, Jumatano jioni kukiweka, Ijumaa muhtasari wa Kinyakyusa kwa wazee ambao Kiswahili huwachosha. Jumanne ndiyo siku ambayo barua nyingi huisahau, na ndiyo ambayo Baraza litaiuliza. Wamoraviani wana mfano wao: huko Herrnhut, tangu 1728, ndugu walipeleka neno la siku nyumba kwa nyumba, miaka mitatu kabla halijaanza kuchapwa kitabuni. Hiyo ilikuwa zamu.

“Wafuasi 1,000 ndani ya mwaka,” ilisema rasimu. Hapana. Kanisani mfuasi ni mfuasi wa mmoja tu. Wale wa mtandaoni ni watazamaji, na waliobonyeza kitufe ni waliojiunga.

Likaja neno ambalo halikuwamo: ridhaa. Ndugu yake ni “radhi”, ile tunayoomba kwa wazazi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sura ya mtu si mali ya mwenye kamera. Tukaandika kwamba kamera itaelekea mimbari, na mtoto hataonyeshwa bila ridhaa ya mzazi.

Neno moja limetushinda. Kijana ameandika “statasi”, ile picha ya Watsapu inayotoweka baada ya saa 24. “Hali” haitoshi. Mimi nimependekeza “bango la siku”, kwa kuwa bango hutundikwa na kesho likashushwa. Yeye hajaridhika, na barua inapelekwa Jumamosi. Mwenye neno bora alilete.