Mtawanyiko na mwelekeo katika vipimo vya kihisi

Kutenganisha mtawanyiko na mwelekeo ni njia ya kuchambua vipimo vya kihisi ili kubagua kuyumba kwa nasibu na badiliko linalokwenda polepole upande mmoja. Mfano mzuri ni kina cha bahari kwenye mlango wa Kilindini, karibu na Timbwani, Likoni. Hapo kupwa na kujaa hufunika yote mawili, kwani wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3.

Kwanza huondolewa kina kilichotabiriwa kwa kila saa. Katika masalio, kila kipimo hutolewa kwenye kinachokifuata. Mwelekeo wa polepole karibu hufutika katika tofauti hizo, hivyo mchepuko sanifu wa tofauti hizo ukigawanywa kwa √2 hutoa mtawanyiko wa kipimo kimoja.

Tuchukulie mtawanyiko ni sentimita 2. Wastani wa vipimo 25 vya kila saa, takriban siku moja ya mwezi, huyumba kwa sentimita 0.4 tu. Wastani tano mfululizo zikipanda sentimita 0.5 kutoka moja hadi nyingine, ya mwisho huizidi ya kwanza kwa sentimita 2, kiasi kisichoelezeka kwa urahisi kwa nasibu.

Hesabu hiyo hudhani kuwa makosa hayategemeani. Upepo wa kusi ukivuma siku nzima, masalio jirani hufanana na wastani huyumba zaidi. Tena, hesabu haisemi kilichosogea ni bahari au kihisi. Hilo huamuliwa kwa kusoma ubao wa vipimo uliosimikwa majini: tofauti kati yake na kihisi ikikua siku hadi siku, kihisi ndicho kilichohama.