Barua ya Kiongozi wa Bendi: Harusi ya Uingereza na Harusi ya Pwani

Kiongozi wa bendi ya harusi Uingereza akiulizwa bei hujibu kwa maandishi, na huwaandikia wachumba wenyewe. Huwaeleza mambo matatu: gharama, muda wa kufunga vyombo, na jinsi nyimbo zitakavyochaguliwa. Kiongozi wa kikundi cha taarab Unguja au Mombasa akiombwa barua ya aina hiyo, ni rahisi aichukue ya Kiingereza na kubadilisha majina tu. Akifanya hivyo atakosea. Mambo matatu ni yaleyale, lakini anayemiliki muziki wa usiku ule si yuleyule. Uingereza muziki ni wa maharusi walioulipia. Pwani, mgeni anayeinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji naye ana sehemu yake.

Tuanze na bei. Barua ya Uingereza hutaja jumla moja iliyofungwa: malipo ya wanamuziki, usafiri, vyombo vya sauti na fundi wake. Huomba kianzio ambacho kwa kawaida hakirudishwi, kwa kuwa tarehe ikishashikwa bendi hukataa kazi nyingine. Salio hulipwa kabla ya siku yenyewe au siku hiyohiyo. Baada ya hapo hakuna fedha nyingine inayotarajiwa kutoka ukumbini.

Katika taarab bei hiyo ni nusu tu ya habari. Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 12. Tuseme kila mmoja analipwa shilingi 100,000, jumla 1,200,000. Vyombo vya sauti na fundi mitambo ni 600,000, gari 200,000, jenereta na mafuta yake 200,000, na akiba ya kutengeneza ala 200,000. Jumla ni 2,400,000, na kianzio cha nusu ni 1,200,000. Hesabu hii inaeleweka, lakini haijagusa tuzo. Je, fedha za kutunza ni za mwimbaji, ni za kikundi chote, au familia inazihesabu kuwa sehemu ya malipo? Barua isipojibu swali hili, ugomvi huzuka usiku wa manane, kapu la fedha likiwa mezani na kila upande ukidai lake. Sentensi moja inatosha: “Bei hii haihusiani na tuzo; tuzo ni za kikundi na hazipunguzi salio.” Familia ikitaka utaratibu mwingine, itasema kabla ya kutoa kianzio.

Kwa sababu hiyo, hata anayeandikiwa hubadilika. Wachumba wa Kiingereza mara nyingi ndio wanaopanga sherehe yao, na saini yao inatosha. Pwani bibi harusi yuko mikononi mwa somo wake, na mapatano hufanywa na mama, shangazi au wakubwa wengine wa familia. Dar es Salaam fedha ziko kwa mhazini wa kamati, na ratiba ya ukumbini imeshikwa na mshereheshaji. Barua ya heshima na yenye nguvu huwasalimu maharusi, kisha humtaja kwa jina mtu mmoja mwenye idhini ya kusema “ongezeni saa moja” au “simamisheni muziki”. Asipotajwa, kila shangazi atatoa amri yake, na kiongozi hatajua amsikilize nani.

Pili, muda wa kufunga vyombo. Uingereza kiongozi huomba saa moja hadi moja na nusu ya kufunga na kujaribu sauti, na shida yake kubwa ni kwamba wageni huenda wakawa wanakula katika ukumbi huohuo. Pia huuliza kama ukumbi una kifaa cha kupima kelele, kinachokata umeme wa jukwaani sauti ikizidi kiwango kilichowekwa. Ni swali la maana, kwa sababu mpigaji ngoma mmoja tu anaweza kukifikia kiwango hicho hata kabla spika hazijawashwa.

Pwani saa huhesabiwa kwa adhana. Tuseme taarab inaanza saa tatu usiku chini ya turubai mtaani. Ukiandika “tutajaribu sauti saa moja kabla”, umejiwekea mtego, kwa kuwa hapo isha iko karibu na hakuna atakayekuruhusu kupiga besi msikiti ukiadhini. Ratiba inayofaa ni hii: gari lifike saa tisa na nusu alasiri, nyaya na spika zifungwe saa kumi, sauti ijaribiwe na kumalizika kabla ya magharibi. Baada ya isha kazi inayobaki ni ya kimya zaidi, yaani kutyuni ala za nyuzi.

Kazi hiyo haifai kufanywa mapema. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na kila noti hutolewa na nyuzi tatu zinazotakiwa kulia kama mmoja. Ikityuniwa jua likiwaka, kisha ikaingia katika unyevu wa usiku, nyuzi zitahama. Akodiani haiwezi kurekebishwa pale pale, hivyo kanuni, udi na fidla ndizo zinazoifuata. Ukisikia katika mwanzo wa kipande cha kwanza kanuni na akodiani zikivutana, jua kwamba muda wa kutyuni uliibiwa. Barua na iombe nusu saa baada ya isha, mahali pasipo na watoto wala spika inayopiga santuri.

Tatu, nyimbo. Bendi ya Uingereza hutuma orodha ya nyimbo inazozijua. Wachumba huchagua za lazima, hutaja zisizotakiwa kabisa, na huomba wimbo wa kucheza wawili peke yao mwanzoni. Kama bendi haiujui wimbo huo, huomba wiki kadhaa za kujifunza. Hesabu yake ni nyepesi: saa mbili za muziki, wimbo wa dakika nne, nyimbo 30.

Sasa zihesabu saa tatu za taarab. Dakika 180, toa 20 za kupumzika na 10 za bashrafu, kipande cha ala tupu ambacho taarab ya asili hufungulia. Zimebaki 150. Wimbo mmoja, pamoja na foleni ya watunzaji, waweza kuchukua dakika 15, na kiongozi mzuri haukati wakati noti bado zinakuja. Hizo ni nyimbo kumi. Familia ikiletewa fomu ya kuchagua 30, imeahidiwa kisichowezekana, na itahesabu 20 zilizokosekana kuwa deni.

Barua ya taarab na iombe vitu viwili tu: wimbo wa kuingia bibi harusi, na nyimbo zisizopigwa. Hilo la pili ndilo zito. Wimbo wa mafumbo ukipigwa, mwanamke akainuka kutunza huku macho yake yamemkazia mke mwenzie au jirani, harusi imegeuka baraza la kesi. Mama wa bibi harusi anajua nani amealikwa na nani hasemeshani na nani, kiongozi hajui. Nyimbo nyingine tisa aachiwe kiongozi, azichague kwa kuwatazama watu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Desturi ya Uingereza ya kuandika kila kitu mapema ni njema, na vikundi vyetu vingepona magomvi mengi kwa kuifuata katika fedha na saa. Katika nyimbo, taarab haipaswi kuiga. Viongozi, andikeni barua, tena ndefu ya kutosha: tajeni tuzo ni za nani, pangeni kazi kwa saa za sala, mjueni mwenye idhini, ulizeni nyimbo zisizotakiwa. Nanyi maharusi, someni barua hiyo pamoja na wazee wenu kabla ya kutoa kianzio.